Kwa Nini Upele Hurudi Baada ya Dawa

"Dawa yenyewe feki," dada yangu aliniambia, huku akiichukua chupa ya BBE dirishani na kuitikisa. Ndani ilibaki dawa ya kina cha ukucha. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa amerudi kutoka shule ya bweni mwanzoni mwa mwezi huo akijikuna mikono, akapelekwa zahanati, akapewa chupa moja ya mililita 100 na maelekezo ya maneno mawili: ajipake panapowasha. Alijipaka jioni tatu katikati ya vidole na kwenye matako. Akapata nafuu, akalala usingizi. Sasa alikuwa anajikuna tena, na safari hii wadogo zake wawili wanaolala naye kitanda kimoja nao walikuwa wameanza.

Dawa ile haikuwa feki. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na malalamiko hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Dawa za kupaka za upele, nikimaanisha BBE yenye benzili benzoeti asilimia 25 na permethrini ya asilimia 5, mara nyingi hulaumiwa kwa makosa ya hesabu. Kuna hesabu ya ngozi iliyorukwa, hesabu ya mayai, na hesabu ya watu ambao bado hawajaanza kuwashwa. Ukikosea moja kati ya hizo tatu, upele hurudi. Nyumba ya dada yangu ilikuwa imekosea zote, na haikuwa kwa uzembe wake, kwani hakuna aliyemwambia.

Kwanza nilimketisha kijana karibu na dirisha nimtazame mikono. Neno upele tunalitumia kwa mambo mengi, kuanzia vipele vya joto hadi mba, kwa hiyo ni lazima mtu ahakikishe anatibu nini. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia, upande wa ndani, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya kijivu, mrefu kama milimita tano, umepinda kidogo kama uzi uliodondoka juu ya ngozi. Nilichukua kalamu ya wino, nikaupaka mstari ule na ngozi ya jirani, kisha nikapangusa kwa pamba yenye spiriti. Wino wa juu ukatoka, lakini ule uliozama kwenye mstari ukabaki, ukachora njia nzima kwa rangi ya bluu. Ile ndiyo njia iliyochimbwa na utitiri wa upele, mdudu jike mwenye urefu wa chini ya nusu milimita, anayeishi ndani ya tabaka la juu kabisa la ngozi. Mwishoni mwa njia hiyo ndipo anapokaa, na nyuma yake anaacha mayai na kinyesi. Si kila mgonjwa huonyesha njia iliyo wazi namna hiyo, maana wengi wamejikuna hadi wakaifuta. Basi hapo unaangalia mengine mawili: mwasho unaozidi usiku, na mtu mwingine ndani ya nyumba mwenye mwasho kama huo.

Dada yangu aliposikia habari ya mdudu alitaka kujua wako wangapi. Akanitazama kama namtania nilipomwambia kuwa kwenye mwili mzima wa kijana pengine hawazidi kumi na tano. Hivyo ndivyo ilivyo kwa upele wa kawaida. Jambo hili lilipimwa kwa subira kubwa na Kenneth Mellanby, mtaalamu wa wadudu aliyefanya utafiti mjini Sheffield, Uingereza, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, upele ulipokuwa umewashika wanajeshi wengi. Alipohesabu wadudu kwa wanajeshi wenye upele, wastani ulikuwa kama 11 kwa mtu, na zaidi ya nusu yao walikuwa mikononi na kwenye vifundo vya mikono. Vipele vingi vinavyoonekana tumboni, mapajani na mgongoni havina mdudu ndani. Ni mwili unaopiga kelele kwa sababu umeikataa taka ya mdudu aliye mahali pengine.

Jambo hilo moja linavunja kabisa maelekezo ya "paka panapowasha". Mwasho hauonyeshi mdudu alipo. Mtu anaweza kujipaka tumbo lote lenye vipele akamwacha jike mmoja kwenye mkunjo wa kitovu, au chini ya ukucha, au pembeni ya unyayo ambako hakuwashwi hata kidogo. Na jike mmoja anatosha, kwa sababu hutaga mayai mawili au matatu kila siku kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana dawa hupakwa ngozi nzima kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, kama vile unapiga rangi ukuta na hutaki kuacha hata doa la rangi ya zamani.

Nikamwomba kijana anionyeshe, kwa kutumia mafuta ya kawaida ya kupaka, jinsi alivyojipaka ile dawa. Watu wengi hufanya kama yeye. Mikono na miguu inapata, kifua kinapata, mgongo unaguswa mabegani na kiunoni tu, katikati pakavu. Katikati ya vidole vya mikono alipapita haraka. Vidole vya miguu alivisahau. Chini ya kucha hakugusa. Sehemu za siri aliona haya kuzitaja, na hapo ndipo wavulana wengi wanapobaki na vinundu vya upele. Makwapa, nyuma ya masikio, kitovu, mkunjo wa chini ya matako, chini ya matiti kwa wanawake, kuzunguka chuchu, nyuma ya magoti, visigino: kila mahali hapo pana hadithi ya mgonjwa ambaye hakupona. Mgongo lazima upakwe na mtu mwingine. Kucha zikatwe fupi kwanza, na dawa isukumwe chini yake kwa mswaki laini wa zamani, ambao baada ya hapo unatupwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili na kwa mzee sana, kichwa nacho hupakwa, na uso pia, ukiyaacha macho na mdomo, kwa sababu kwao mdudu hupanda hadi huko. Mtoto mchanga huwa na upele zaidi viganjani na kwenye nyayo, sehemu ambazo kwa mtu mzima mtu asingeziangalia.

Kabla ya kupaka, kuna desturi moja ambayo ningependa iachwe. Mama zetu walifundishwa kumwogesha mgonjwa kwa maji ya moto na kumsugua kwa dodoki hadi vipele vifunguke, ndipo dawa iingie. Dawa haihitaji mlango huo. Ngozi iliyosuguliwa hadi ikachubuka huungua BBE inapoigusa, mtoto hulia, na mama humwosha kabla ya muda. Maji ya moto pia huifanya ngozi inyonye dawa ndani ya mwili kuliko inavyotakiwa, wakati tunataka ibaki juu, alipo mdudu. Oga kawaida, jikaushe, subiri mwili upoe, ndipo upake.

Kisha dawa iachwe. Permethrini inahitaji saa nane hadi kumi na mbili juu ya ngozi. BBE kwa mtu mzima huachwa kwa kawaida saa 24, na hurudiwa siku inayofuata. Vituo vingine huelekeza siku tatu mfululizo, na anayepewa maelekezo hayo ayafuate. Hapa ndipo maisha ya nyumbani yanapoanza kuifuta dawa kidogo kidogo bila mtu kugundua. Mikono, ambayo ndiyo makao makuu ya mdudu, ndiyo pia inayooshwa kuliko kiungo chochote. Inaoshwa kabla ya kula ugali, baada ya choo, wakati wa kufua na wakati wa kutawadha. Kila inapooshwa, dawa imetoka na saa yake imekatika. Sharti ni moja, na ni rahisi kulisahau: kila ukinawa, paka tena mikono.

Kwa nyumba ya dada yangu, ambayo ni ya Waislamu, nilichagua permethrini kwa sababu saa zake zinaingia vizuri ndani ya usiku wa pwani. Baada ya swala ya isha watu wanakuwa wamekwisha kula, wamenawa, hawana udhu mwingine wa kuchukua hadi alfajiri. Ukimaliza kumpaka mtu saa mbili na nusu usiku, ikifika saa kumi na moja alfajiri zimetimia saa nane na nusu. Anaoga, anachukua udhu, anaswali. Angetumia BBE ya saa 24 angepitia swala tano na milo mitatu, na mikono ingehitaji kupakwa upya kila mara. Inawezekana, na wengi hupona hivyo, ila kwa nyumba yenye watu wengi kila sharti linaloongezwa ni nafasi nyingine ya kukosea.

Lakini BBE ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi katika zahanati na maduka yetu ya dawa, kwa hiyo nieleze namna yake. Mtu mzima hutumia ile ya asilimia 25 kama ilivyo. Mtoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili huchanganyiwa sehemu moja ya dawa na sehemu moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Mtoto wa chini ya miaka miwili, sehemu moja ya dawa na tatu za maji, tena mara moja tu na kwa saa 12, na akiwa chini ya miezi sita, saa sita zinamtosha. Mikono yake hufungwa kitambaa au soksi asije akalamba. Mzazi asipoambiwa habari ya kuchanganya, mtoto huungua, na nyumba ile haitaigusa BBE tena. Permethrini haichomi hivyo, na hutumika kuanzia umri wa miezi miwili. Mtoto aliye chini ya hapo apelekwe kwa mtaalamu, ambaye anaweza kumpa marhamu ya salfa.

Sasa tuje kwenye tyubu, maana hapa ndipo ninapokasirika. Tyubu ya permethrini ya gramu 30 ni ya mtu mzima mmoja, mara moja. Mtu mnene anaweza kuhitaji mbili. Mtoto wa miaka mitano hadi kumi na miwili hutumia nusu ya tyubu, wa mwaka mmoja hadi mitano robo, na wa chini ya mwaka sehemu moja ya nane. Nyumbani kwa dada yangu, ambako ni vyumba viwili vya kupanga huko Mbagala, walikuwa wanalala watu wanane: yeye, mumewe, mama mkwe wake, binti wa kazi, kijana wa miaka 14, mtoto wa miaka minane, wa miaka minne na mchanga wa miezi minane. Watano wa kwanza ni tyubu tano. Ongeza nusu, robo na sehemu ya nane, unakaribia tyubu sita. Dawa hurudiwa baada ya wiki, kwa hiyo ni tyubu kumi na mbili. Nyumba hiyo ilipewa chupa moja ya BBE, ambayo ingemtosha mtu mzima mmoja kwa duru moja. Aliyeitoa alimtibu mgonjwa aliyekuwa mbele yake, akawaacha saba ambao hakuwauliza. Swali la "unalala na nani?" lingechukua nusu dakika.

Kwa nini watu wanane, wakati wanaojikuna ni watatu? Hili ndilo gumu kueleweka, na bibi, mama mkwe wa dada yangu, aliniambia waziwazi: "Mwanangu, mimi siwashwi. Nipakwe ya nini?" Nilimwamkia tena shikamoo, nikaketi kwenye mkeka, nikamhesabia siku.

Mtu anayepata upele kwa mara ya kwanza hawashwi siku anayoambukizwa. Mwili unahitaji muda kumtambua mdudu, na muda huo ni wiki tatu hadi sita. Siku zote hizo anamtunza mdudu, anambeba mjukuu, anampa mwenzake, na ngozi yake imetulia kabisa. Kijana alirudi nyumbani wiki ya kwanza ya Juni akalala na wadogo zake usiku uleule. Wadogo walianza kujikuna wiki ya mwisho ya Juni, yaani siku zao zilikuwa zimetimia. Huyo wa miaka minne, wiki zote hizo, ndiye aliyekuwa akipanda godoro la binti wa kazi kila akiota vibaya. Mchanga alikuwa mgongoni mwa bibi asubuhi na mapajani mwa mama yake usiku. Kwa kijana mwenyewe hesabu ilikuwa tofauti, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umekwisha mjua mdudu. Mtu wa namna hiyo akiambukizwa tena huwashwa ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo hata kama ile chupa ya kwanza ingemponya kabisa, wadogo zake wangemrudishia kile alichowapa, naye angesema dawa imeshindwa.

"Kwa hiyo huenda ninao na sijui," bibi akasema. Akanyoosha mikono yake, akaitazama, kisha akakubali.

Wa kutibiwa, basi, ni kila anayelala nyumba moja na mgonjwa, kila anayelala naye kitanda kimoja hata kama ana nyumba yake, na kila anayembeba au kumkumbatia kwa muda mrefu. Mdudu haruki wala hapai, anatambaa polepole, na kwa kawaida anahitaji ngozi igusane na ngozi kwa dakika kama kumi na tano hadi ishirini. Salamu ya mkono njiani haimtoshi. Jirani anayechota maji nanyi bombani simhesabu. Mpwa anayekuja kulala kila Jumamosi namhesabu.

Na wote wapakwe usiku mmoja. Wakipakwa kwa zamu, leo watoto na kesho kutwa wazazi, aliyepona analala na ambaye bado, na kazi inaanza upya. Kwetu kizuizi kilikuwa shemeji, dereva wa lori la masafa marefu, ambaye huwa nyumbani siku mbili kisha hupotea siku kumi. Dada alitaka tuanze usiku uleule. Nilimzuia. Tulisubiri siku tatu hadi Ijumaa, shemeji arudi. Kusubiri huko kulitusaidia pia kwa mtoto wa miaka minne, ambaye vidonda vyake vya matakoni vilikuwa vimetunga usaha. Ngozi yenye usaha haipakwi dawa ya upele papo hapo, kwa hiyo alianzishiwa kwanza antibiotiki kituoni siku mbili kabla. Usaha huo si jambo la kupuuzwa kwa mtoto, kwa sababu bakteria wanaoingia kupitia vidonda vya upele wanaweza kuleta madhara hadi kwenye figo.

Usiku wa Ijumaa tulifunga mlango tukapakana. Wanawake chumba kimoja, wanaume kingine, kila mtu mgongo wake ukipakwa na mwenzake. Bibi alipakwa na mimi. Kwa mchanga, dada alianza na unyayo akapanda juu, akamaliza kichwani, akamvisha soksi mikononi. Kila alipotaka kumnyonyesha alifuta chuchu vizuri, kisha akapaka upya baada ya mtoto kushiba. Kazi nzima ilichukua saa moja na nusu, na tyubu sita zikaisha kama tulivyohesabu.

Asubuhi zilifuliwa shuka, nguo za kulalia na taulo zilizotumika siku tatu zilizopita. Hapa nataka kusema jambo litakalowashangaza waliolelewa kwa kuchemsha nyumba nzima. Mellanby alifanya majaribio na vijana wa kujitolea, waliokuwa wamekataa vita kwa sababu ya dhamiri. Aliwalaza ndani ya mablanketi yaliyotoka kwa wanajeshi wenye upele, bila kufuliwa, na akawavisha nguo zao za ndani. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache sana. Walipolala kitanda kimoja na wagonjwa, waliambukizwa. Utitiri wa upele nje ya mwili wa mtu huishi siku mbili au tatu tu, na hudhoofika kabla ya hapo. Kwa hiyo maji ya moto, jua kali la mchana mmoja na pasi ya mkaa vinatosha kwa nguo. Kisichoweza kufuliwa kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki siku tatu. Godoro lianikwe. Nimeziona nyumba zilizotumia siku mbili kufua mapazia na kupulizia dawa ya mbu kwenye makochi, kisha zikatumia dakika tano kupaka losheni. Nguvu zinatakiwa kugeuzwa. Na yule anayefikiria kutumia dawa ya kuogeshea mifugo kwa kuwa nayo huua wadudu, asithubutu. Ni sumu isiyopimwa kwa ngozi ya mtu, hasa ya mtoto.

Ijumaa ya pili tulirudia yote. Shemeji alikuwa njiani kuelekea Tunduma, lakini alikuwa ameondoka na tyubu yake ya pili kwenye begi, na tanboi wake akampaka mgongo.

Wiki moja ina sababu yake, na haikutokana na kalenda ya zahanati. Dawa huwaua wadudu walio hai vizuri kuliko inavyoyaua mayai yao. Yai huanguliwa siku ya tatu au ya nne. Kinachotoka kinahitaji kama siku kumi hadi kumi na nne, tangu yai lilipotagwa, kukua na kuanza kutaga. Siku ya saba, basi, mayai yote yaliyosalimika Ijumaa ya kwanza yamekwisha anguliwa, na hakuna hata mmoja wa watoto wake aliyefikia kutaga. Ukirudia siku ya tatu, baadhi bado wako ndani ya yai. Ukirudia wiki ya tatu, umewapa muda wa kuweka kizazi kingine. Wengi huacha raundi hii ya pili kwa sababu nafuu ya raundi ya kwanza huwadanganya, na tyubu zilizobaki huuzwa au hugawiwa jirani.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na dada yangu alikaribia kulifanya. Siku tano baada ya raundi ya pili alinipigia simu: "Bado wanajikuna, niwapake tena?" Mwasho huendelea wiki mbili hadi nne baada ya mdudu wa mwisho kufa, kwa sababu mizoga yake na taka zake bado zimo ndani ya ngozi, na mwili bado unazikataa hadi tabaka lile la juu lijivue lenyewe. Anayepaka dawa kila siku kwa kuufuata mwasho huo huichoma ngozi, hasa kwa BBE, na ngozi iliyoungua huwasha kuliko upele. Nilimwambia awapake mafuta ya kawaida na losheni ya kalamini, na usiku wale wakubwa wapewe kidonge cha setirizini. Nilimwonya pia asikimbilie zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi ambazo huuzwa madukani bila cheti. Zikipakwa juu ya upele ulio hai, huuficha. Wekundu hupungua, mwasho hupungua, na mdudu anaendelea kuzaana.

Utajuaje kama umeshindwa au unapona? Tazama vipele vipya. Mwasho unaopungua wiki hadi wiki, bila kipele kipya wala mstari mpya, ni kupona. Mwasho uliokwisha kisha ukaanza upya, au mistari mipya katikati ya vidole baada ya wiki tatu au nne, ni upele uliorudi, na swali la kwanza liwe nani hakupakwa. Dawa nayo inaweza kuwa tatizo. Barani Ulaya miaka ya karibuni permethrini imeonekana kushindwa mara kwa mara, na jaribio moja lililofanyika Austria na kuchapishwa 2024 lilionyesha BBE ikifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo nyumba iliyofanya kila kitu sawasawa na bado ikashindwa ibadilishiwe dawa. Na kuna upele wa aina yake, wenye magamba mazito kama ganda la mkate, unaowapata wazee dhaifu na watu ambao kinga yao imeshuka. Hao huwa na wadudu maelfu kwa maelfu, losheni pekee haiwafikii, na wanahitaji hospitali pamoja na vidonge vya ivermektini.

Vidonge hivyo vinatuonyesha pia mwisho wa uwezo wa losheni. Zanzibar ilipoanza mwaka 2001 kuwagawia watu wote ivermektini pamoja na albendazo ili kupambana na matende na mabusha, kesi za upele katika vituo vya afya zilipungua sana miaka iliyofuata, ingawa upele haukuwa ndio uliokusudiwa. Visiwani Fiji, utafiti uliochapishwa 2015 ulizilinganisha njia hizo uso kwa uso. Jamii iliyopewa ivermektini yote kwa pamoja upele wake ulipungua kwa asilimia 94 baada ya mwaka mmoja, na ile iliyopewa permethrini yote kwa pamoja, kwa asilimia 62. Kumeza kidonge mbele ya mgawaji ni tendo la sekunde kumi. Kupaka mwili mzima ni kazi ya usiku, faragha na uaminifu, na katika watu mia moja wako wengi watakaoruka mgongo. Kidonge nacho hakiui mayai, hurudiwa vilevile baada ya siku saba hadi kumi na nne, na hawapewi watoto wa chini ya kilo 15 wala wajawazito. Kwa familia moja iliyohesabu vizuri, losheni bado inatosha.

Mwishoni mwa Julai nilikwenda Mbagala kuwatazama. Nilianza na bibi, maana alinidai jibu. Mikono yake ilikuwa safi. Mtoto wa miaka minne alikuwa na makovu meusi matakoni, makavu, na hakuna kipya. Mchanga hakuwa na kitu. Binti wa kazi, ambaye hakuwa amelalamika hata siku moja, alinionyesha kwa haya vipele vitatu vya zamani chini ya titi, vilivyoanza mwanzoni mwa Julai kabla ya raundi ya pili na sasa vilikuwa vinafifia. Alikuwa anao.

Kijana hakuwepo. Alikuwa amerudi shule siku tatu baada ya Ijumaa ya pili, akiwa amepakwa mara mbili, nguo zimepigwa pasi, na barua yangu kwa matroni ikisema kwamba kwa mtoto wa bweni nyumba ni bweni, na kwamba wote wanaolala chumba kile, wanaojikuna na wasiojikuna, wapakwe usiku mmoja na warudie baada ya siku saba. Niliandika na idadi ya tyubu: vitanda ishirini vya ghorofa, wavulana arobaini, mara mbili, ni tyubu themanini. Dada yangu aliniambia barua imepokelewa. Tyubu zilikuwa bado hazijanunuliwa.